Video ya Mafuta ya Kupikia

Mdogo wangu alikuwa analainisha cherehani yake kwa mafuta ya kupikia. Nilimwambia kwa simu kwamba yatagandia ndani na mashine itakufa. Akacheka.

"Dada, wewe fundi wa cherehani, mimi mshonaji. Yangu inakimbia kama upepo."

Cherehani hiyo ndiyo inayowalisha wanawe. Nilimwombea, kisha nikaamua kutengeneza video, maana ananibishia mimi lakini haibishii simu yake.

Wakati huo nilikuwa nasoma darasa la jioni la kutengeneza video, mwanafunzi mwenye mvi kuliko wote. Video yangu ya kwanza niliiita "Neema Katika Ufundi". Walitazama watu kumi na mmoja. Mwalimu akaniambia, "Mama, mtu aliyekwama akitafuta video haandiki neema. Anaandika kinachomsumbua." Nikabadilisha: "Kwa Nini Cherehani Inaruka Mishono?" Ndani nilionyesha sindano butu, na sindano iliyowekwa kinyume. Watazamaji wakafika mia tatu. Iliyofuata, "Jinsi ya Kurekebisha Uzi Unaokatika", ikaenda vizuri pia.

Basi ya mafuta nikaiita "Kwa Nini Cherehani Yangu Ni Nzito?" Nikaipandisha kwa sala. Siku nne zikapita. Nikampigia mdogo wangu.

"Umeona video yangu?"

"Niliiona, nikapita. Yangu si nzito, dada."

Nilikaa na jibu lile hadi darasani. Mkamwana wangu, tunayesoma naye, akanipiga kiwiko. "Mama, swali ni la mwenye shida. Mama mdogo hajui kama anayo. Atauliza nini?"

Mwalimu akasikia. "Huyo usimsubiri aulize. Mwambie."

Nikafuta swali pale pale, nikaandika: "Mafuta ya Kupikia Yanaua Cherehani Yako". Nilihofia ni ukali.

"Ni kweli au si kweli?" mkamwana akauliza.

"Ni kweli."

"Basi bonyeza, mama. Mungu hakasiriki."

Kesho yake asubuhi simu ikalia kabla sijamaliza sala. Nikasema amina haraka haraka, Mungu anisamehe.

"Dada! Eti yanaua cherehani? Mimi nayatumia hayo hayo!"

"Nilikwambia."

"Wewe uliniambia. Hii imeandikwa!"

Nilimeza cheko. Nikamwelekeza kama kwenye video: asafishe vyuma kwa mafuta ya taa kidogo, mbali na moto, afute mpaka kitambaa kitoke safi, ndipo atie matone ya mafuta ya cherehani. Nikamsikia anasugua, analalamika.

"Kitambaa kimetoka na utando wa njano, kama gundi."

"Futa tena."

Akafuta, akatia matone. Kisha, kupitia simu, gurudumu likazunguka, jepesi, bila kukwaruza.

"Kumbe ilikuwa imeanza kuwa nzito," akasema polepole. "Sikujua."