Digrii Thelathini za Mbeyu

Sipendi mtu kuingilia kazi yangu, nalisema mapema ili nisije nikaonewa huruma mwishoni. Naitwa Mwidani, fundi bati wa Likoni, na kabla ya vita nilifanya kazi miaka sita katika karakana ya reli, nikivika nguo mabomba ya mvuke ili joto lisikimbie. Ndiyo maana mwaka wa arobaini na mbili niliitwa kwenye zahanati ya kambi ya wafanyakazi, Changamwe. Pale palikuwa na taabu moja ya kipuuzi. Kwa ajili ya vita, moto ulikatazwa kuwaka tangu jua linapozama mpaka linapochomoza. Na daktari naye alikuwa ameandika amri yake kwamba bendeji na nguo za wagonjwa zilowekwe saa kumi na mbili asubuhi, kabla ya jua, katika maji yasiyopungua digrii mia na sitini za Farenhaiti. Serikali moja, amri mbili, na katikati yake pipa la galoni arobaini na nne.

Nikawaambia ni kazi ndogo. Maji yachemshwe jikoni mchana, yamiminwe katika pipa jioni yakiwa digrii mia na themanini, nami nilivike pipa lote, juu, chini na ubavuni, makumbi ya nazi ya unene wa inchi mbili, na juu ya makumbi nishone bati. Nilipiga hesabu mbele yao kama nilivyofundishwa karakanani. Pipa lina ratili mia nne na arobaini za maji. Ngozi yake ni futi za mraba ishirini na tatu. Makumbi makavu ya inchi mbili hayapitishi joto ila kidogo, kiasi cha kuyashusha maji yale yote chini ya digrii moja kwa saa. Usiku mzima wa saa kumi na mbili hayazidi digrii tisa. Niliwaahidi zaidi ya mia na sabini asubuhi, na wakaniahidi mapipa mengine kumi na mawili kama hili la kwanza likifaa.

Makumbi niliyapata kwa mkwe wangu, Mwanarehema, anayesokota kamba kule Likoni. Yalikuwa yametolewa karibuni katika shimo la matope ya pwani, alikoyafukia miezi mingi mpaka yakalainika, yakapondwa na kuanikwa kutwa moja. Nilipoyashika yalikuwa makavu mkononi. Nikayashindilia, nikafunika kwa bati, na kila mshono nikauziba kwa risasi iliyoyeyushwa mpaka hata sisimizi asingepata mlango. Nilijisifu kwa mishono ile.

Asubuhi ya kwanza maji yalikuwa mia na hamsini. Ya pili vilevile, na ya tatu.

Mkubwa wa zahanati alikuwa Bwana Nguma, mganga msaidizi, mtu mwenye kalamu tatu mfukoni na shaka juu ya kila binadamu. Hakuniita mimi. Alichukua kipimajoto na daftari, akajinyima usingizi, akapima saa kumi na mbili jioni, saa mbili, saa nne, kisha saa kumi alfajiri na saa kumi na mbili. Akaona kwamba kati ya saa kumi na mbili jioni na saa mbili maji yalipoteza digrii sita, na kati ya saa kumi na saa kumi na mbili alfajiri yalipoteza nne tu. Sasa, mlinzi wa pipa alikuwa mama mmoja wa Magongo, jina lake Mbeyu, ambaye mumewe alikwenda vitani na hakuwa na kazi nyingine ya kuwalisha wanawe. Yeye ndiye aliyejaza pipa jioni, akalilinda mpaka saa mbili, akaenda kwake. Nguma akafunga daftari. Kwake yeye, maji yanapoa zaidi Mbeyu akiwapo, basi Mbeyu huteka ya moto, huwauzia watu, na kutia ya baridi pengo lisionekane.

Jumatatu, wafanyakazi walipojipanga kuitwa majina, alimtaja mbele ya wote. Alisema atafukuzwa Ijumaa, daktari akirudi kutia sahihi. Jumanne mimi nikaitwa, si kutazama pipa, bali kutengeneza sanduku la bati lenye kufuli la kufunika bomba la pipa. Nguma alinionyesha daftari akitabasamu, kana kwamba amemkamata nyoka kwa mkono.

Nilisoma zile namba nikaona kosa papo hapo. Mtu akimimina chai kikombeni, hupoa upesi ikiwa ya moto sana, kisha ikakaribia joto la hewa ikaenda polepole. Hata mtoto anajua, anapongoja uji. Hewa ya usiku pale ilikuwa digrii themanini, kwa hiyo jioni maji yaliizidi hewa kwa mia moja. Saa mbili yaliizidi kwa tisini na nne. Alfajiri, saa kumi, yaliizidi kwa sabini na nne, na saa kumi na mbili kwa sabini. Gawanya mwenyewe. Kila baada ya saa mbili, katika kila mia ya ile ziada, zilibaki tisini na nne na kidogo, jioni hata alfajiri. Kama palikuwa na mwizi, basi aliiba usiku kucha, hata Mbeyu akiwa amelala Magongo, na aliiba kwa kipimo, akipunguza wizi wake kadiri joto lilivyopungua. Mwizi wa namna hiyo hayuko duniani. Joto lilikuwa linatoka katika ngozi ya pipa.

Na ngozi ya pipa nimeivika mimi.

Jioni, pipa lilipojazwa, niliweka kiganja juu ya bati langu. Makumbi makavu yangeliacha vuguvugu tu, hata mtu asilijali. Lilikuwa la moto kabisa. Mbeyu alikuwa amekwisha kuniambia, wiki ya kwanza, kwamba koti la pipa lina joto, na kwamba akiweka leso yake mbichi juu yake inakauka. Nilimjibu kwamba bati lilikuwa limeota jua. Saa moja ya usiku, nami namtajia jua!

Jioni ile nilivuka kurudi Likoni nikamuuliza mkwe wangu habari za makumbi, kwa kuzungukazunguka, nisionekane mjinga. Mwanarehema hazungukwi. Aliniuliza kama niliyasuuza kwa maji matamu. Nilikuwa sijayasuuza. Akasema makumbi ya shimoni yana chumvi ya bahari, na chumvi hainyimi unyevu nyumba. Ukiyashika mchana utayaona makavu, na jua likizama yanakunywa hewa. Kwa kamba haidhuru, hata inafaa. Nami niliyafungia jioni, na risasi yangu juu. Unyevu ule ulipata joto karibu na pipa ukawa mvuke, ukaenda kwenye bati ukawa maji, ukanyweka tena katika makumbi, ukarudi. Kila safari ulibeba joto kutoka ndani na kulikabidhi nje. Sikuvika pipa nguo, nililiwekea wachukuzi.

Kufikia usiku wa Jumanne, basi, nilikuwa najua kila kitu. Jumatano nilitengeneza sanduku la kufuli.

Nilijipa sababu. Nilisema nitangoja nipate hakika. Nilisema kufuli lenyewe litamsafisha Mbeyu, maana bomba likifungwa na maji yakapoa vilevile, Nguma ataona. Mapipa kumi na mawili hayakuwa mbali na mawazo yangu. Jioni nikafunga sanduku kwenye bomba na kufuli jingine kwenye kifuniko, na funguo zote Nguma akazitia mfukoni. Mbeyu alisimama kando akitazama, mikono ndani ya leso.

Alhamisi asubuhi maji yalikuwa mia na hamsini. Nikamtazama Nguma, nikingoja aone haya. Alikuna kidevu, akasema ni wazi kwamba Mbeyu ana funguo za pili. Kisha akanitazama mimi, kwa utaratibu, toka kofia mpaka viatu, akauliza ni nani mwingine hapa Changamwe awezaye kuchonga funguo isipokuwa fundi bati.

Hapo ndipo nilipopata ushujaa, wallahi, nilipotiwa mimi katika kesi. Nilichukua mkasi nikalipasua koti langu mbele yake, kuanzia juu hadi chini. Maji yakatiririka kwenye mbao zilizolibeba pipa. Makumbi yalifuka mvuke, yakishikamana kama mchanga wa pwani maji yakitoka. Nilimwambia aonje. Hakutaka, nikaonja mimi, ilikuwa chumvi tupu. Nikamfungulia daftari lake nikamgawia namba zake moja moja, kwa sauti iliyowatoa wapishi jikoni.

"Mwizi wako ni huyu," nikasema. "Na aliyemleta ni mimi."

Mkwe wangu alikuwa na gunia la makumbi yaliyosuuzwa na kuanikwa siku tatu, ya kujazia magodoro. Adhuhuri nilikuwa nimelivika pipa upya, unene uleule wa inchi mbili, safari hii nimetoboa bati vitundu ili unyevu ukiwapo utoke. Jioni maji yakamiminwa kwa digrii mia na themanini. Bati lilikuwa na vuguvugu la mkono wa mtu. Nilimwachia Nguma namba kwenye karatasi kabla sijaondoka: mia na sabini na moja.

Ijumaa asubuhi alipima mara tatu. Ilikuwa mia na sabini na moja. Alikunja karatasi yangu, akamwambia Mbeyu kwamba mambo yamekwisha, arudi kazini, akaenda zake kumpokea daktari. Hakuomba radhi. Nilikasirika kwa niaba ya yule mama, nikamfuata penye ndoo, nami kifua mbele, nimweleze jinsi nilivyomwokoa. Nikamweleza habari ya chai na kikombe, na zile tisini na nne za kila mia. Nikamwambia kwamba nililitazama daftari mara moja tu, Jumanne, nikajua papo hapo kuwa hakuiba.

Mbeyu akaweka ndoo chini.

"Jumanne?" akauliza.

Nikasema ndiyo, Jumanne.

"Jumatano wanangu walifukuzwa kisimani Magongo, fundi. Waliambiwa wakateke kwa mama yao, ana maji ya moto ya serikali. Jumatano jioni ulikuwa hapa wafunga kufuli, nami nimesimama pale. Ulikuwa wajua."

Nilianza kusema habari ya hakika na ushahidi. Aliningoja nimalize. Nguma alikosea hesabu. Mimi niliipata sawasawa, nikaificha siku mbili chini ya bati.

"Leo jioni utakuja kisimani," akasema. "Utawaambia wenyewe."

Nikamwambia nitakwenda, nitawaeleza jinsi makumbi yenye chumvi yanavyopitisha joto.

"Hayo ya makumbi utawaeleza wakitaka. Wewe uwaambie ulijua lini."

Nilikwenda. Wanawake walikuwa wengi, na ndoo zao zimepangwa mpaka njiani, na wanawe Mbeyu wamesimama nyuma kabisa. Mama yao hakunitambulisha. Alisogea tu kando nipate pa kusimama, nikavua kofia, nikaanza na Jumanne.