R Kumi na Nane

Mwihaki alikuwa anauza mahindi soko la Kitale mwaka wa kumi na moja sasa, na hakuna mtu aliyewahi kumpunja hata punje. Kwa hivyo Wangechi, bintiye wa gredi ya sita, alipomletea homuwaki ya hesabu pale kibandani Alhamisi jioni, alifuta mikono kwa leso na kukaa sawasawa juu ya gunia kama jaji.

"Mama, mwalimu Absalom amesema mzazi akague, halafu atie sahihi. Nafasi ya kwenda mashindano ya hesabu Bungoma imebaki moja. Ni mimi ama Kipkorir. Nikikosa hata moja, ni Kipkorir."

"Kipkorir atabaki hapa achunge mbuzi. Leta."

Swali la kwanza: mfanyabiashara ana kilo 1,458 za mahindi, anazijaza kwa magunia ya kilo 90. Atajaza mangapi? Mwihaki hakuhitaji kalamu. Gunia kumi, mia tisa. Tano tena, mia nne hamsini. Moja tena, tisini. Kumi na sita. Akatabasamu, akaangalia jibu la mtoto.

*16 R 18.*

Tabasamu likaanguka chini.

Pale sokoni, kila mtu huandika herufi yake kwa gunia kwa makaa. Magunia ya Mwihaki yana M. Ya jirani yake, mama mmoja wa Kabuchai, yana R.

"Roselyne!" Mwihaki aliita. "Kilo zangu kumi na nane ziko wapi?"

Roselyne alitoa kichwa kibandani kwake. "Kilo gani tena, bana?"

"Imeandikwa hapa! Gunia kumi na sita, R kumi na nane. Hata watoto wa shule wanakujua!"

"Mama, hiyo R ni..." Wangechi alianza.

"Nyamaza, wakubwa wanaongea."

Roselyne alikuja ameshika kiuno. Akatazama daftari, akaona R yake imekaa pale imenona. "Ati mimi? Mimi hata hiyo shule sijawahi kuingia geti!" Akarudi kwake kwa hasira, akachota gorogoro tisa za mahindi yake, kilo mbili mbili, akazimwaga miguuni pa Mwihaki. "Haya, kumi na nane! Kula ushibe! Lakini mimi si mwizi."

Kuku wa soko wakaja mbio kama walioalikwa.

Mwihaki akafungua swali la pili. Lori linabeba magunia 115 kwa safari moja. Kuna magunia 2,415. Jibu: *21 R 0.*

"Hapa hukuchukua kitu," alikubali kwa shingo upande.

"Siku hiyo nilikuwa Matulo, matangani. Uliza mtu yeyote."

Swali la tatu: kilo 3,672 zigawiwe familia 36 sawasawa. Jibu: *12 R 0.*

Mwihaki akashika kalamu atie sahihi. Roselyne akamshika mkono.

"Ngoja kwanza. Kila familia kilo kumi na mbili? Mara thelathini na sita?" Alipanga vidole, akapanga tena. "Hiyo ni mia nne thelathini na mbili. Sasa hizo zingine zote, elfu tatu mia mbili arobaini, ziko wapi? Na hapa wameandika R sufuri! Mimi nasingiziwa kumi na nane, na mwizi wa magunia thelathini na sita mnamtilia sahihi!"

Wangechi alichungulia daftari. Thelathini na sita kwa thelathini na sita, mara moja. Shusha saba: thelathini na sita haiingii kwa saba. Shusha mbili, sabini na mbili, mara mbili. Akashika mdomo.

"Woi! Nilisahau kuandika sufuri kwa ile saba. Ni mia moja na mbili!"

"Mia moja kila familia, elfu tatu mia sita," Roselyne alisema. "Zinabaki sabini na mbili, mbili mbili. Ndiyo hiyo. Mwizi ni sufuri."

"Na R ni rimenda, Mama," Wangechi alisema polepole. "Ile inayobaki."

Mwihaki aliangalia mahindi pale chini. Akaokota gorogoro, akaanza kumrudishia jirani yake, moja, mbili, mpaka nane. Ya tisa ilikuwa tumboni mwa kuku.

"Roselyne, si utanisamehe? Hii moja ni rimenda."

"Rimenda yako utailipa kesho," Roselyne alisema, lakini alikuwa anacheka. "Na uandike kwa hiyo kitabu: Roselyne hana hatia. Mwalimu asome."

Mwihaki akaandika, akatia sahihi.

Ijumaa daftari lilirudi na tiki tatu nyekundu. Chini mwalimu Absalom alikuwa ameandika: *Vizuri sana. Wangechi aje na sweta kesho saa kumi na mbili, tunaenda Bungoma. Mzazi: Roselyne ni nani, na alishtakiwa nini?*