Ankara Isiyo na Muhuri

Taarifa ya hesabu kutoka kiwanda cha rangi ilikuja na maandishi mekundu juu yake: LIPENI AU TUNAFUNGA. Aliyeandika ni karani wa madeni wa kiwanda, yule yule aliyenichukulia mume. Mimi ndiye mhasibu wa duka la rangi, na kila mwezi lazima nilinganishe karatasi zake na leja yangu. Mungu ana utani wake.

Tajiri, mwenye duka, aliirusha mezani kwangu. "Wanasema tunadaiwa milioni nne, laki nane na sitini elfu. Wewe uliniambia milioni mbili na kitu. Nani mwongo?"

"Sijui bado, Tajiri."

"Basi ujue. Wakifunga akaunti sina rangi ya kuuza. Na kama umepoteza ankara, utaifuata huko ilikokwenda."

Nilikaa chini nikaweka alama ya vyema kwenye kila ankara iliyokuwa pande zote mbili. Leja yangu ilisema milioni mbili, laki tatu na kumi elfu. Malipo ya milioni moja na laki nne tulikuwa tumeyatuma benki siku ya mwisho wa mwezi. Kwao hayajafika, yako njiani. Hilo halina ugomvi, mwezi ujao yataonekana. Ikabaki ankara moja tu, ya milioni moja, laki moja na hamsini elfu, ambayo kwangu haipo kabisa.

Duka letu lina sheria moja: mzigo ukiingia, mtunza stoo anaugonga muhuri kwenye hati ya mzigo, anasaini, ndipo mimi naandika. Nilimwuliza mtunza stoo. Akasema hajaiona, na yule mzee hata msumari hausahau.

Mtu mwenye akili timamu angempigia simu karani amweleze. Mimi nilimzunguka. Nikampigia bwana wa stoo ya kiwanda, nikamwomba picha ya hati ya mzigo wa ankara ile, akanitumia. Nilipoifungua nilicheka peke yangu mpaka Tajiri akachungulia mlangoni.

Muhuri hakuna. Pale pa mpokeaji kulikuwa na saini yenye mkia mrefu uliojikunja kama wa nge. Mkia ule naujua: uko kwenye talaka yangu. Mume wangu wa zamani ni dereva wa lori la kiwanda hicho hicho. Ameagiza rangi kwa jina letu, ameipeleka anakotaka, kisha amejipokelea mwenyewe. Na mkewe ndiye anayetudai! Nikasema, leo wameingia mtegoni wote wawili, mume na mke.

Nikamwalika bibi karani aje tulinganishe hesabu ana kwa ana, Tajiri akiwepo. Miaka saba nimelala na hasira, sikutaka kumfukuzisha kazi kwa simu. Nilitaka niuone uso wake.

Akaja amejipodoa, akakaa bila kukaribishwa. "Dada, deni ni deni. Tusizungushane."

"Wala, mdogo wangu. Toa malipo yaliyo njiani, hii hapa karatasi ya benki. Toa na ankara hii, mzigo haukutufikia. Salio linabaki lile lile la kwangu."

"Haukufika vipi? Hati imesainiwa."

"Na nani?" Nikasukuma picha niliyoichapa. "Soma taratibu. Wewe saini hii unaiona kila siku."

Tajiri akainua miwani. Nilimsubiri mwanamke yule atetemeke kama mwizi. Akaitambua saini, lakini macho yake hayakukomea hapo. Yalishuka kwenye mstari wa mahali pa kushushia mzigo. Palikuwa na jina la mtaa na namba ya nyumba, na chini yake: rangi ya waridi, ya chumba cha mtoto.

"Sisi hatukai mtaa huu," alisema polepole. Kisha akasema, "Sisi hatuna mtoto."

Hakuwa anajua lolote. Nitasema kweli: sikumhurumia. Raha ilinipanda mpaka masikioni, nikaona sasa amekaa kwenye kiti nilichokalia mimi, na bado kina joto.

"Ankara tunaifuta," akamwambia Tajiri. "Nitaleta hati ya kupunguza deni kesho. Akaunti haifungwi." Sauti ilikuwa ya kazini kabisa. Tajiri akashukuru, akatoka kwenda kuita wateja wake.

Akanigeukia. "Nipigie kopi mbili za hii."

"Moja ya ofisini. Ya pili?"

"Ya nyumbani."

Nikampigia tatu. Namjua yule mwanamume: ya kwanza ataichana.