Wapenzi Wateja, Tumerudi Tena

Nywila ya ukurasa wa Bi Khairiya ilikuwa kichwani mwa Bi Khairiya mwenyewe, na alikufa nayo. Laini yake ya simu ikakaa bila kutumika mpaka ikafungwa. Ukurasa ukabaki peke yake mtandaoni na wafuasi wake elfu sita, picha za mikono na miguu ya maharusi wa mji mzima, na posti moja ya mwisho aliyoiandika Alhamisi kabla hajapelekwa hospitali: "Wapenzi, wiki hii nimefunga kazi. Nitarudi Jumatatu inshallah." Alizikwa Jumapili.

Majirani wa Chamazi walijua, walikuja na mikeka yao na masufuria yao. Lakini mpakaji hina hapaki majirani tu. Wateja wa mbali walikuwa wanamjua kwa simu, na hao waliendelea kumsubiri. Miezi minane baadaye bado kulikuwa na mtu anayemuuliza chini ya posti ile, "Dada, ni Jumatatu ipi?"

Binti yake, Khulud, alikuwa na miaka ishirini na sita na mkono mzuri kuliko alivyojidhania. Kaka yake Walid alipomwambia kwamba kazi haiji kwa mtu anayekaa ndani akilia, alifungua ukurasa mpya, akaacha kiungo chake chini ya ile posti ya mwisho ya mama yake. Kutoka ukurasa wa zamani akanakili picha yenye mikono ya mama yake: mikono minene, pete ya fedha kidole cha shahada, koni ya hina ikichora jani. Akaandika utambulisho, akaupin ubaki juu kabisa ya ukurasa. Ulianza hivi: "Assalaam alaykum wapenzi wateja wetu! Baada ya ukimya mrefu, tumerudi tena kwa kishindo, na huduma zetu zile zile mlizozizoea..."

Wa kwanza kumkosoa ni Herieth, mwenye duka la kuchapisha picha za paspoti hapo mtaani, ambaye huwasaidia nusu ya mama lishe na mafundi wa Chamazi kutengeneza kurasa zao. Mwanamke huyu hana subira na maneno mengi.

"Nipe simu," alisema. "Sasa mie sikujui. Nimetoka zangu Kibamba, natafuta mtu wa kumpaka harusi. Nimefungua. Naona mikono. Naona salamu, naona mmerudi. Halafu imeandikwa 'zaidi', yaani maneno mengine yamefichwa mpaka nibonyeze. Nani anabonyezaga? Mmerudi kutoka wapi? Nyie kina nani? Unafanya nini, uko wapi, nakupataje? Hivyo vinne viwe mstari wa kwanza na wa pili. Na jina lako, Khulud. Jina lako halipo humu kabisa!"

"Nitaibadilisha."

"Na picha nayo. Maneno unaweza kuyahariri, picha ikishapanda haibadiliki. Itabidi upandishe posti nyingine, uipin hiyo, hii uishushe. Dakika kumi tu."

Dakika kumi. Khulud alikaa nazo wiki tatu. Kila alipoandika "mama yangu, marehemu Bi Khairiya", kidole kilirudi nyuma na kulifuta neno la katikati, na sentensi iliyobaki ilikuwa ya mtu aliye hai. Tuseme ukweli, hakuwa na huzuni tu, alikuwa na woga pia. Watu walikuwa wanaifuata ile mikono. Nani angemtaka Khulud?

Na kumbe ile posti ilikuwa inafanya kazi yake. Maoni yalimiminika. "Karibu tena Bi Khairiya!" "Alhamdulillah umepona." "Nilisema mie atarudi." Khulud alianza kujibu. Mwanzo alijibu kwa ufupi. Kisha siku moja akamwandikia mwanamke mwenye wajukuu, "Ahsante, mwanangu," na aliposoma alichoandika mwili ulimsisimka, kwa sababu hakukumbuka kuliwaza neno hilo. Ni mama yake aliyewaita watu wote hivyo. Toka siku hiyo, kila akishika simu kujibu, chumba kilinukia karafuu, yale mafuta ya karafuu ambayo Bi Khairiya alichanganyia hina, na chupa yake ilikuwa imekwisha tangu mwezi wa Ramadhani. Khulud hakumwambia mtu. Alifungua dirisha, akaendelea kujibu.

Ndipo ukaja ujumbe kutoka Bunju. Bi Mwanaasha, mama mtu mzima, mteja wa zamani, anamwoza binti yake Munira. "Bi Khairiya, shikamoo. Nilipiga namba yako haipatikani, nikasema huyu kaniacha. Leo nimeona posti umerudi, nimelia kwa furaha. Unakumbuka ulinipaka mimi, ukaniahidi utampaka na huyu?"

Khulud aliutazama ule ujumbe kutwa nzima. Kisha akaandika, "Marahaba, mwanangu. Nitakuja."

Kuna makosa ya mtu kukosea, na kuna makosa ya mtu kuyatenda macho makavu. Binti aliyelelewa vizuri, kuipokea shikamoo ya mtu wa umri wa mama yake! Hata yeye aliisikia aibu ikimpanda shingoni. Lakini neno lilikwishatumwa, na chumba kilikuwa kinanukia.

Siku ya hina alitoka Chamazi asubuhi, akavuka mji mzima, saa sita akabisha hodi Bunju. Nyumba ilikuwa imejaa wanawake na mvuke wa pilau. Bi Mwanaasha mwenyewe ndiye aliyefungua.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, marahaba. Wewe ndiye Khulud? Umekua!" Akamkumbatia, kisha akatazama nyuma ya bega lake, njiani. "Mama yuko wapi? Bado anashuka?"

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Khulud alifungua kinywa, na kilichotoka ni, "Yuko njiani. Kasema nianze."

Wakamwingiza chumba cha bibi harusi. Munira alikuwa ameketi kwenye godoro, kanga kifuani, miguu ameinyoosha kwenye mto. Pembeni yake waliweka kiti. Hakikuwa kiti cha kawaida, kilikuwa kiti cha mikono kilichotolewa sebuleni, na mto mdogo wa kuegemeza mgongo, na kigoda mbele yake.

"Kwa ajili ya magoti yake," alieleza Bi Mwanaasha. "Nakumbuka hakuwa anaweza kukaa chini. Na kahawa yake hii hapa, bila sukari. Si bado ana kisukari?"

Kikombe kikawekwa kwenye kigoda. Kilifuka.

Khulud akakata ncha ya koni na kuanza na mguu wa kulia, kama alivyofundishwa. Ua, shina, jani, jani. Kazi haikumtesa. Kilichomtesa ni kile kiti kilichokuwa kushotoni kwake, kwa sababu kila mtu aliyeingia alikiheshimu. Mwanamke mmoja alikizunguka badala ya kukipita mbele. Mwingine alimfukuza mtoto aliyetaka kukikalia: "Toka hapo, cha Bi Khairiya hicho!" Mguu wa kwanza ukaisha. Wa pili ukaisha. Kahawa ikaacha kufuka, na Bi Mwanaasha akaja akaimwaga, akamimina nyingine ya moto.

"Foleni za Morogoro Road hizo," alisema. "Mpigie."

"Simu yake haipatikani," Khulud alijibu. Lilikuwa neno la kweli la kwanza alilolisema siku ile.

Alipokuwa kwenye mkono wa kushoto, Munira akainua pua. "Mmh. Kanukia. Hamsikii karafuu? Atakuwa kafika."

Wanawake wawili wakageuka kuutazama mlango. Khulud hakutazama mlango. Alitazama kiti, na mto wa mgongo ulikuwa umebonyea katikati. Labda ulikuwa hivyo tangu mwanzo. Koni ikamponyoka, ikaangukia kanga ya bibi harusi, ikaacha doa.

"Hayuko njiani," alisema. Sauti ilikuwa ndogo, lakini chumba kizima kiliisikia. "Mama amefariki. Tangu mwezi wa kwanza. Yule unayeongea naye kwenye simu ni mimi. Mimi ndiye niliyekuitikia marahaba, mama. Nisamehe."

Kutoka uani alisikika mtu akisugua sufuria. Bi Mwanaasha alikuwa na birika mkononi. Aliliweka chini polepole, akakitazama kile kiti, na akaenda kukaa, si juu yake, chini, sakafuni, mbele ya kigoda.

"Innalillahi wainna ilayhi rajiun," alisema. Kisha akalia kwa sauti, mwanamke mzima, siku ya hina ya mwanawe. "Miezi minane! Kila Ijumaa namwandikia salamu chini ya ile posti yake ya mwisho, namwombea afya. Afya, Khulud! Ningekuwa namwombea maghufira, Mungu amsamehe. Umemnyima dua za watu."

Hilo ndilo lililomvunja. Hakuwa amewahi kulifikiria. Alidhani amemweka mama yake hai kwa siku chache zaidi, kumbe alikuwa amemsimamisha mlangoni, hatoki wala haingii. Alilia mpaka hina iliyokuwa vidoleni mwake ikamchafua uso.

Aliyewanyamazisha ni bibi harusi. "Mkono mmoja bado," alisema Munira, akaunyoosha. "Ahadi ilikuwa ya mama yako. Wewe ndiye umekuja. Malizia."

Bi Mwanaasha akajifuta macho. Akaichukua ile kahawa, akaimwaga dirishani. Kisha akakisogeza kiti mpaka nyuma ya Khulud. "Kaa, utaumia mgongo," alisema, na Khulud akakaa.

Mkono ulipokamilika, aliomba ruhusa kupiga picha: mkono wa Munira mbichi kwa hina, na chini yake, ukiushikilia, mkono wake mwenyewe, mwembamba, bila pete, na doa la hina kwenye kucha. Akaandika papo hapo, kwenye kile kiti, Bi Mwanaasha akisoma begani kwake.

"Naitwa Khulud. Napaka maharusi hina na piko, nipo Chamazi, nakufuata ulipo. Nitumie ujumbe hapa hapa."

"Hayo mgeni atayaona bila kubonyeza," alisema Khulud. Chini yake akaongeza: "Kazi hii nimefundishwa na mama yangu, marehemu Bi Khairiya, aliyefariki mwezi wa kwanza mwaka huu. Mliokuwa mkimsubiri, mwombeeni dua." Kidole hakikurudi nyuma.

Akaipandisha, akaipin. Ile ya "tumerudi tena" akaitoa juu, lakini hakuifuta, maana maoni ya watu yangefutika nayo. Alihariri maneno tu: "Hii ni mikono ya mama yangu."

Alifika Chamazi jua likielekea kuzama. Chumba kilikuwa kimefungwa kutwa na hakikunukia chochote, vumbi tu na sabuni. Alisimama katikati yake, akavuta pumzi, akavuta tena kwa nguvu, akitafuta. Hakukuwa na kitu. Hiyo ndiyo saa aliyofiwa hasa.

Simu ikalia. Ujumbe kutoka kwa mtu asiyemjua hata kwa jina. "Habari Khulud. Nimeona posti yako. Pole kwa mama, Mungu amrehemu. Unapatikana Jumatatu?"

Alikaa kitandani, akausoma mara mbili, akaandika kwa vidole vilivyopata rangi:

"Jumatatu nipo."