Mawimbi Kifuani kwa Raïssa

Zénon, mpiga picha wa Dzaleka, kambi ya wakimbizi kule Malawi, alikuwa na mdomo uliofanya kazi kuliko kamera yake. Ukikaa mbele yake na sura ya mtu anayesubiri sindano, atakuambia, "Mama, cheka kidogo, meno hayatozwi kodi." Watu wakacheka, naye akabonyeza. Hivyo ndivyo alivyokula nsima yake, ugali wa Malawi, kila siku, hadi mwaka 2014 alipokutana na familia ya Mama Annonciata.

Walikuwa watu wa Bukavu, na siku hiyo walikuwa wanaondoa matanga ya binti mkubwa, Marlène. Marlène alikwenda Lilongwe kutafuta kazi, akarudi ndani ya sanduku. Sare waliyovaa wote ilikatwa kwenye kitenge alichokuwa amekichagua mwenyewe kwa arusi yake: ndege weupe juu ya mistari ya bluu, myembamba kama meno ya kichanuo cha chawa. Zénon aliwapanga studioni, wazee kwenye viti, wengine nyuma, na katikati akamsimamisha Raïssa, mdogo wa marehemu, akiwa ameinyoosha nguo kifuani kama askari wa gwaride.

Picha ilichapishwa Kawale, Lilongwe, ikarudi. Mama Annonciata aliishika kwa mikono miwili, akaisogeza karibu na macho.

"Iko nini pa kifua ya mutoto?"

Zénon akainama kuangalia. Wote walikuwa sawasawa. Raïssa peke yake alikuwa na mawimbi, ya zambarau na ya kijani, kama mafuta ya taa yaliyomwagika juu ya maji. Mistari ya bluu ilikuwa imemezwa. Ndege walikuwa wanaogelea.

"Ni kitambaa tu, mama."

"Kitambaa tunavaa sisi bote."

Kwa kutaka kumtuliza, akafungua picha ile kwenye kompyuta. Kosa kubwa. Kila alipoikuza au kuipunguza, mawimbi yalibadilika, yakapanuka, yakajikunja, yakatambaa kuelekea shingoni mwa binti. Raïssa, aliyesimama mlangoni, akaweka mkono kifuani na hakuutoa tena.

Jumatatu iliyofuata Raïssa alitakiwa kwenda Biwi, mtaa wa Lilongwe. Mshonaji mmoja alikuwa amempa nafasi kwenye cherehani. Mama yake akasema haendi.

"Marlène anamuita," akasema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesema chumvi imeisha. "Wa kwanza alienda Lilongwe. Wa pili sitampeleka mi mwenyewe."

Raïssa hakubishana, na hilo ndilo lililomtisha Zénon. Mtoto ambaye zamani alimjibu kila utani kwa utani maradufu sasa alikaa kwenye kizingiti cha nyumba, sahani ya bugali pembeni imekauka, mkono kifuani.

"Raïssa, uko unalinda nini hapo, mkate?"

"Ya Zénon, kaka yangu, we ulinipiga picha. Uliona nini?"

Zénon akainuka, akaondoka.

Akafanya kile ambacho kila mpiga picha angefanya. Alikaa na kompyuta, akazifuta rangi za mawimbi, akayalainisha kidogo kidogo mpaka kifua kikatulia. Akampelekea Mama Annonciata picha mpya, akitabasamu kama aliyeleta mbuzi. Mama akaitazama. Kweli, mawimbi hayakuwepo. Ila na mistari haikuwepo. Wengine wote walikuwa wamevaa kitenge, Raïssa alikuwa amevaa shuka.

"Umeiosha," mama akasema. "Kama haikukuwa kitu, ungeosha nini?"

Siku ya pili Zénon akapanda minibasi hadi Kawale, kwa Alimasi, mtu wa Kindu mwenye duka la kuchapisha picha. Alimasi aliiangalia picha ya kwanza, akacheka mpaka kofia yake ikaegemea sikio.

"Moirage, ndugu yangu, mawimbi ya uongo. Si ulijisifu kwangu kamera yako inaona hata vijishimo vya ngozi? Kamera nyingi ziko na kioo chembamba ndani kinachotia ukungu kidogo. Yako walikiondoa. Njo maana inakata kama wembe, na njo maana inakuchezea hivi."

Akachukua chandarua kilichokuwa kimefungwa dukani, akakikunja mara mbili, akakiinua dirishani. Alipousogeza upande mmoja juu ya mwingine, mawimbi makubwa yakatembea ndani ya wavu usio na wimbi lolote.

"Ndani ya kamera kuna wavu. Kitenge chako ni wavu wa pili. Vikikaribiana ukubwa, vinazaa kitu kisichokuwepo. Kwa nini yule binti peke yake? Ulilenga yeye, wa mbele na wa nyuma wakafifia. Nguo yake imenyooka, ya wengine imejikunja. Sogea karibu, mistari itakuwa mikubwa kuliko wavu. Au mgeuze kidogo. Au funga tundu la lenzi linaloingiza mwanga hadi karibu na mwisho, picha itapoteza ukali kidogo na mawimbi yatakufa. Ila fanya wakati wa kupiga. Ukisafisha baadaye, unafuta na nguo yenyewe."

Zénon akarudi Dzaleka na furaha ya mtu aliyepewa msamaha. Akawaita mama na binti studio, kile chumba cha matofali ya udongo chenye pazia lililochorwa maua. Akawakunjia chandarua dirishani kama Alimasi alivyofanya. Mama akakitazama, akaketi. Kisha Zénon akajifunga kifuani kipande cha kitenge cha marehemu walichokuja nacho, akiwa mzuri kama bibi arusi mwenye ndevu, akaweka kamera kwenye stendi ya miguu mitatu pale pale ilipokuwa siku ya matanga, akasimama alipokuwa amesimama Raïssa. Kamera ikajipiga yenyewe. Mawimbi yakatokea kifuani kwake.

"Munaona? Na mi ninaitwa?"

Raïssa akacheka, kacheko kadogo. Zénon akampa kitenge ajifunge, akamsimamisha mahali pale, akasogeza kamera hatua moja mbele, akapiga. Kwenye kioo kidogo cha kamera mawimbi yalikuwa bado yanang'aa, na uso wa binti ukaanza kujifunga tena. Halafu Zénon akakumbuka: kioo hicho kinaipunguza picha, na kuipunguza tu kunaweza kuzaa mawimbi yake. Akaikuza hadi mwisho. Hapo ikaonekana mistari ya bluu, mmoja mmoja, na ndege mweupe mwenye jicho.

Akarudisha kamera nyuma, akafunga tundu la lenzi, akawasha flashi ili giza lisimshinde. Safi tena. Akafungua tundu. Mawimbi. Akafunga. Safi. Raïssa akashusha mkono.

Mama Annonciata hakuwa ametikisika kitini.

"Kwa hiyo kila mutu anayesimama pale, inamushika?"

"Kila mtu, mama. Ni kamera."

"Rudisha kama ilivyokuwa siku ile."

Zénon akarudisha. Mama akasimama, akaipokea nguo, akaifunga kifuani, akaivuta mpaka isibaki na mkunjo hata mmoja. Akaenda katikati.

"Piga."

"Mama, hii itatoka na mawimbi."

"Njo ninakuambia piga."

Kidole cha Zénon kilikuwa juu ya kitufe. Angeweza kusogea nusu hatua, yule mama asingejua. Akatazama kwenye lenzi na akaona jinsi mama alivyosimama, amejinyoosha, amemficha binti nyuma ya mgongo wake. Hakusogea. Akapiga.

Mama akaja kuangalia. Zénon akaikuza picha hadi mwisho, akiomba moyoni iwe kioo tu. Mawimbi yalibaki, zambarau na kijani, kutoka bega hadi bega. Mama akayatazama kwa utulivu ambao Zénon hakuwahi kuuona kwa mtu yeyote aliyesimama mbele yake.

"Sasa iko kwangu," akasema. "Raïssa, kaa tayari ya kwenda Biwi."

Zénon akafungua mdomo aseme tena kuhusu nyavu mbili. Raïssa akamkanyaga mguu.

Jumatatu binti akapanda minibasi, amekula. Picha ile Zénon hakuipeleka kuchapishwa. Mara kadhaa aliichagua ili aifute, na kila mara, alipokuwa anaipunguza, mawimbi yakatembea kifuani kwa mama, naye akaondoa kidole.