Kopo la Shemeji

Kazi yangu ni kupaka magari rangi, na sidhani kama kuna kitu kingine ninachokijua vizuri hapa duniani. Ukiniletea mlango uliobonyea nitakuuliza gari lenyewe liko wapi, kwa sababu ndani ya banda kila rangi ni mwongo. Lazima uitoe juani ndipo iseme ukweli. Nayatanguliza haya ili usinione mume mwenye gubu anayemkagua mkewe kama bampa, ingawa kusema kweli gubu ninalo.

Mke wangu tunamwita Mama Pacha, naye ni askari wa barabarani. Husimama katikati ya njia panda tangu asubuhi, jua likimpiga usoni, na madereva wa malori humwogopa kuliko wanavyowaogopa mama zao. Mimi humtania kwamba ndiye mwanamke pekee ninayemjua anayelipwa mshahara kwa kunyoosha kidole. Hunijibu kwamba nyumbani anakinyoosha bure.

Alipokuwa na mimba ya hao pacha, alitokwa na madoa ya kahawia kwenye mashavu, kwenye paji la uso na juu ya mdomo. Watoto walizaliwa, wakanyonya, wakaacha, lakini madoa hayakuacha. Kazini wakambandika jina, Ramani. Alicheka nao, maana hana tabia ya kununa mbele za watu. Akifika nyumbani alikuwa anageuza kioo kikatazama ukuta, na mimi nilikuwa namwona.

Nikampeleka hospitali. Daktari wa ngozi alikuwa mama wa makamo, sauti ya upole, macho makali. Alimuuliza kama ana mimba au bado ananyonyesha, akamwangalia uso mzima kwa taa, kisha akamwandikia tyubu ya haidrokwinoni, dawa ya kufifisha madoa.

"Utapaka usiku tu, kidogo, juu ya doa lenyewe, siyo uso mzima," alisema. "Asubuhi lazima upake losheni ya kukinga jua na uirudie mchana. Ukikaa barabarani bila hiyo losheni, hii dawa ni kazi bure."

"Inafuta, daktari?" mke wangu aliuliza.

"Haifuti kama raba. Inaizuia ngozi isitengeneze rangi nyingi, ile iliyopo inatoka yenyewe polepole. Miezi mitatu, ikizidi sana minne. Kisha tunaisimamisha, ngozi ipumzike, nikupe dawa nyingine ya kushikilia. Na kila mwezi nikuone."

"Na yakirudi?"

"Yakirudi, nawe unarudi. Kwangu, mama. Siyo dukani."

Lo, ile dawa ilifanya kazi. Mwezi wa tatu ulipokaribia kwisha, nilimtoa mlangoni asubuhi nikamwangalia kwa jicho langu la kazini, nikamwambia hata mimi nisingelinganisha rangi vizuri vile. Wenzake wakalisahau jina la Ramani. Daktari akamwambia sasa basi, akaandika ile dawa nyingine na kusisitiza losheni.

Hapo ndipo mambo yalipoanza kuharibika. Ile dawa nyingine ilikuwa inakwenda taratibu mno kwa mtu aliyekwisha kuonja haraka. Losheni ilipokwisha hakununua tena, akasema ni anasa ya watu wa maofisini, kofia ya askari inatosha. Tarehe ya kurudi hospitali ikaangukia zamu yake, akaipiga chenga. Baada ya wiki chache madoa yakarudi, na yalirudi na hasira, meusi kuliko yalivyokuwa mwanzo.

"Umeona?" aliniambia, mkono shavuni. "Nilikatizwa dawa kabla haijamaliza kazi."

Nilikubali. Kwa akili zangu za gereji ilieleweka, rangi ikitokeza tena ina maana hukusugua vya kutosha. Sikujua kwamba ngozi ni kitu hai, na kwamba ukiifunga breki kisha ukaiachia juani bila kinga, inaweza kurudi kwa kishindo.

Dada yake mkubwa, yaani shemeji yangu, ana duka la vipodozi. Ni mcheshi, mkarimu, na mkavu wa macho linapokuja suala la biashara. Alimletea mdogo wake kopo jeupe lisilo na maandishi yoyote.

"Ni kilekile alichokupa daktari," alisema, "ila hiki hakina mlolongo. Hapa hupangi foleni, hukaguliwi kwa taa. Unapaka asubuhi na jioni, uso mzima, upate rangi moja."

"Kina nguvu kiasi gani, shemeji?" niliuliza.

"Wewe kapake magari, baba. Mambo ya wanawake tuachie."

Tulicheka wote watatu. Nikikumbuka kicheko kile nasikia vibaya hadi leo.

Uso uling'aa tena, safari hii haraka zaidi. Lakini kila alipoacha kidogo, weusi ulirudi mbio, na uso ukawa mwekundu na kuwasha kama uliomwagiwa pilipili. Basi hakuacha. Kopo likiisha anachukua jingine, akiona weusi anaongeza. Mwaka ukapita, ukaja mwingine. Vinyweleo vikamwota mashavuni, na ngozi ikawa laini ya kutisha, mishipa midogo ikionekana chini yake. Nilipomgusia alinijibu kwamba mimi nilizoea bati.

Siku moja mchana alinipitia gereji akitoka zamu. Nilikuwa nje nimemaliza kupaka gari la bluu, naye akasimama kando yake akinisubiri ninawe mikono. Nikatupa jicho nikaona shavu lake lina ubluu. Nikajisemea ni rangi ya gari inaakisi usoni mwake, hutokea sana.

"Hebu sogea huku," nikamwambia.

"Kuna nini?"

"Sogea tu, njoo hapa kwenye ukuta."

Akasogea, na ule ubluu akaja nao.

Nilimshika kidevu, nikamgeuza upande wa jua. Juu ya mfupa wa shavu, kulia na kushoto, palikuwa na rangi ya kijivu inayoelekea kwenye bluu, na ndani yake vichembe vidogo vyeusi vimejipanga kama mtama. Lile doa la mwanzo lilikuwa la kahawia. Hii ilikuwa rangi nyingine kabisa, na ilionekana imelala chini, siyo juu. Nilipitisha kidole kama mpumbavu nikidhani itatoka. Niliogopa sana.

"Mama Pacha, hili siyo lile."

"Ni lilelile. Limezidi kwa sababu kopo limeisha tangu juzi."

"Mimi rangi naijua."

"Na mimi uso wangu naujua!" alifoka, mafundi wenzangu wote wakageuka. "Unataka niache ili waanze kuniita Ramani tena? Wewe ukichafuka unanawa petroli, mimi ninawe nini?"

Niliokota kitambaa, nikafuta mikono, tukarudi nyumbani. Kesho yake alifuata kopo jipya dukani kwa dada yake, na mimi nikafanya jambo ambalo sikuwahi kumfanyia. Nilimsubiri kituoni kwake akiwa na sare, mbele ya mkubwa wake wa kazi, nikamwambia siondoki hapo mpaka twende hospitali. Alikwenda kwa aibu, na njia nzima alinitukana kwa sauti ya chini.

Daktari alimkumbuka. Alimwangalia kwa kioo cha kukuzia, shavu hadi shavu, mpaka sote wawili tukaketi wima. Akaomba kopo, mke wangu akalitoa mkobani, naye akalifungua, akalifunga. Akakata kipande kidogo sana cha ngozi cha kupeleka maabara, na kopo nalo likaenda kupimwa.

Majibu yalipotoka alituita pamoja.

"Kopo hili lina haidrokwinoni nyingi kupita niliyokupa, na ndani yake kuna dawa ya steroidi ambayo hakuna aliyekwambia. Ndiyo iliyoifanya ngozi kuwa nyembamba, na ndiyo inayokuwasha ukiacha. Sasa huu ubluu. Huu hausababishwi na ujauzito, mama. Umeletwa na dawa yenyewe. Ikipakwa muda mrefu, kwa wingi, na jua juu yake, kwa baadhi ya watu huacha rangi ndani kabisa ya ngozi."

"Kwa hiyo nilipoona weusi nikaongeza..."

"Ulikuwa unauongeza weusi."

Mke wangu, anayesimamisha malori, alijikunja kwenye kile kiti kama mtoto. "Itatoka?"

"Ile kahawia tutaipunguza. Hii ya bluu sikuahidi. Huenda ikafifia kidogo kwa miaka, huenda isififie. Ninachojua ni kwamba usipoacha, itaenea."

Akampangia namna ya kuishusha steroidi taratibu kwa krimu nyingine hafifu, chini ya macho yake, haidrokwinoni ikome siku hiyohiyo, losheni ya jua bila kukosa. Tulipokuwa tunatoka akanigusa bega.

"Sikiliza, baba. Wiki hizi za kwanza atakuwa mbaya zaidi. Atawashwa, atavimba, atakuwa mweusi. Wengi wanaorudi kwenye makopo wanarudia hapo."

Ikawa kama alivyosema. Uso ulivimba, ukachubuka, ukawa na giza ambalo sikuliona hata mwanzo. Pacha mmoja alikataa kumbusu, na mama yake akajifungia chooni akalia mpaka nikagonga. Shemeji alipopata habari alikuja na sura ya msiba.

"Tazama walivyomfanya mdogo wangu! Akiwa kwangu aling'aa, kwa daktari ameungua. Mpeni kidogo tu, apumue."

Nilimfukuza. Nilimwambia maneno ambayo mtu hamwambii shemeji yake, na sijutii hata moja. Lakini nilipogeuka nilimwona mke wangu amesimama mlangoni, akiutazama mkoba wa dada yake ukiondoka.

Sasa ni mwezi wa tano tangu aache kopo. Kila asubuhi, kabla ya kwenda zamu, hunivuta hadi nje penye mwanga, hufunga macho na kuniinulia uso.

"Niambie ukweli."

Na mimi humwambia. Kahawia imepungua. Wekundu umekwisha. Ile ya bluu ipo palepale. Mara ya kwanza nilipolisema hilo nilitamani ulimi unikatike, maana kama ningedanganya angenijua, na kama nisingedanganya angeweza kukata tamaa. Hufumbua macho, hunishukuru kama ninavyoshukuriwa na mteja, hupaka losheni, huvaa kofia na kwenda.

Njia ya kituoni inapita mbele ya duka la dada yake. Ipo njia nyingine, ndefu kidogo, nami sijawahi kumuuliza hupita ipi.

Yale makopo yana harufu tamu, ya maua yaliyolala kwenye maji, na huwezi kuificha hata ukinawa. Jioni akirudi namlaki mlangoni, namkumbatia, naweka shavu langu juu ya shavu lake na kuvuta pumzi. Hajawahi kuniuliza kwa nini siku hizi namkumbatia kwa muda mrefu hivyo. Husimama tuli, mikono imelegea, akinisubiri nimalize kunusa.