Mstari wa Mizani ya Kaka

Kaka yangu alifundisha michezo shuleni miaka thelathini na moja. Wanafunzi walimbandika jina la Filimbi, maana filimbi haikuwahi kumtoka shingoni. Alipostaafu alipumzika wiki mbili tu; ya tatu akaanza kulalamika kwamba mwili wake unageuka uji. Akapanga vyuma vya kunyanyua barazani, akanunua na mizani ya kioo yenye vibati vinne vya chuma, ile ambayo ukiikanyaga pekupeku inakutajia kilo zako, halafu asilimia ya mafuta mwilini.

Mimi ni mdogo wake, na kazi yangu ni kuendesha mashine ya skani hospitalini. Mgonjwa hulala chali, mkono wa mashine ukampitia juu taratibu, na mwishoni tunajua mifupa yake ni kiasi gani, mafuta kiasi gani, na nyama iliyobaki kiasi gani. Ndiyo maana kaka alinipigia simu.

"Mdogo wangu, hii mizani inasema mafuta yangu ni asilimia ishirini na nne. Niiamini?"

"Usiiamini bure," nikamwambia. "Tuipime na yenyewe."

Msimamizi wangu aliniruhusu kutumia asubuhi tatu. Nilipata watu kumi na wawili waliokubali, kaka akiwa mmoja wao, wengine wafanyakazi wenzangu, wembamba kwa wanene. Kila mmoja alikuja hajala, akaenda haja kwanza, akakanyaga mizani ya kaka, kisha moja kwa moja mezani kwa skani. Kila mtu namba mbili. Nikazichora kwenye grafu: mizani chini, skani ubavuni, nukta kumi na mbili, halafu nikaipa kompyuta itafute mstari unaozikaribia zote kwa pamoja kuliko mwingine wowote. Mizani ilikuwa inawapunja karibu wote, na wembamba zaidi. Mstari ukasema hivi: chukua namba ya mizani, zidisha kwa sifuri nukta nane, jumlisha saba na nusu. Ishirini na nne ya kaka ikawa ishirini na sita nukta saba, na skani yake ilikuwa imesema ishirini na saba. Wengine walipishana na mstari kwa pointi mbili, mmoja tatu. Nilifurahi kama niliyezaa.

Nilimwandikia kanuni hiyo kwa kalamu nene, akaibandika juu ya kioo cha bafuni. Tangu hapo kila Jumamosi asubuhi alinitumia ujumbe: kilo, mizani, namba iliyosahihishwa. Alianza na kilo sabini na nane. Wiki ya sita alifika themanini na moja, na mizani ikasema ishirini na moja. Uzito unapanda, mafuta yanashuka.

"Hiyo ni misuli, mzee," nikamwandikia. "Watoto wa siku hizi watakuonea wivu."

Wiki ya kumi: kilo themanini na nne, mizani kumi na tisa. Nilitazama grafu yangu kabla ya kumjibu, kwa sababu mstari hauaminiki nje ya namba ulizoupimia. Wale watu wangu walianzia kumi na nane hadi thelathini na nane. Kumi na tisa ilikuwa ndani. Nikampongeza tena. Sikukaa nikapiga hesabu ya pili, ile rahisi, kwamba mwanamume wa miaka sitini na moja alikuwa ameongeza kilo saba na zaidi za nyama katika wiki kumi. Mgeni angeniambia hivyo, ningemcheka.

Wiki hiyohiyo kaka aliniuliza kama anaweza kuja kwa skani nyingine, aone kwa macho yake.

"Ya nini?" nikasema. "Mstari tumeutengeneza ili usihangaike kuja huku."

"Basi sawa. Na viatu navyo vimeanza kunibana. Hata miguu inafanya mazoezi."

Tulicheka wote wawili.

Siku chache baadaye wifi, mkewe, akanipigia. Wifi si mtu wa maneno mengi. Ukiona amepiga simu ujue amelifikiria jambo.

"Wifi, kaka yako siku hizi analala kwa mito mitatu. Akilala chali anasema pumzi haimtoshi. Na ngazi za kwetu anapanda akipumzika katikati."

"Atakuwa anajichosha na vyuma vyake," nikamjibu. "Namba zake ni nzuri, wifi. Nazifuatilia mimi mwenyewe."

"Kama wewe umesema," akasema, akakata.

Zilipita wiki tatu. Asubuhi moja kaka alishindwa kumaliza kunyoa ndevu, akaketi ukingoni mwa bafu akitweta, na jirani akawakimbiza yeye na wifi hospitali kwa gari lake. Nilipofika wodini, daktari wa moyo alikuwa ameinua shuka. Akabonyeza muundi wa kaka kwa kidole gumba, akakitoa, na shimo likabaki pale kama kwenye unga uliokandwa.

"Moyo umechoka kusukuma," akasema. "Haya yote ni maji. Yamejikusanya kwa miezi."

Sikuhitaji kuelezwa zaidi. Mizani ile hupitisha umeme mdogo kutoka mguu mmoja kwenda wa pili. Mafuta huuzuia, maji huupitisha. Kadiri miguu ya kaka ilivyojaa maji, umeme ulipita kwa urahisi, na mizani ikadhani mafuta yanaisha. Mstari wangu haukuwa na kosa kubwa kwa wale kumi na wawili, lakini wote walikuwa watu wasiovimba, kaka mwenyewe akiwemo siku ile. Skani nayo ingeyahesabu maji kama nyama. Ila kabla ya skani mimi huwavua watu soksi. Ningeiona ile miguu.

Kaka alifungua jicho moja. "Wanasema maji yamezidi unga," akanong'ona, akajaribu kutabasamu. Nilitoka nje kwenye korido.

Wifi alinikuta huko. Hakupandisha sauti.

"Nilikuambia," akasema.

"Uliniambia."

"Ningemleta siku ileile."

Akarudi wodini. Daktari naye, nilipomshikilia aniambie ukweli, alisema mapema kungesaidia. Kiasi gani, hawezi kuapa.

Dawa za kutoa maji zilimshusha hadi kilo sabini na mbili. Siku ya pili baada ya kurudi nyumbani alikanyaga mizani, akanipigia akiwa na huzuni ya kweli: ilisema thelathini. "Nimelala tu wiki tatu, mdogo wangu, nimenenepa kiasi hiki?" Nikamweleza mambo ya maji, na kwamba kanuni ile aibandue. Kisha akasema, "Kumbe zile za nyuma hazikuwa zangu." Ni mara hiyo pekee aliyoligusa jambo lenyewe. Hajawahi kunilaumu, na afadhali angenilaumu.

Vyuma amempa mpwa wetu. Sasa anapimwa kilo tu, kila asubuhi kabla ya chai, na akiongezeka kilo mbili ndani ya siku tatu anatakiwa kupiga simu kliniki. Namba hizo wifi ndiye huziandika, na humtumia muuguzi. Niliomba anitumie na mimi. Alisema atafikiria, kwa adabu yake ileile, akanikaribisha chai.